Kukata intaneti ya nyumbani Ujerumani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Waswahili wengi wanaoishi Ujerumani huingia mkataba wa intaneti wiki za mwanzo, kabla lugha haijakaa sawa, kisha huutafuta tena siku wanapohama. Hapo ndipo kila mtu huwa na ushauri wake, na ushauri mwingi unaozunguka ni wa zamani au haukuwahi kuwa kweli.

Dhana: Ukifuta ruhusa ya benki wasikate pesa, mkataba unakufa wenyewe.

Hii ndiyo inayoumiza watu kuliko zote. Kutolipa si kuvunja mkataba. Deni likifika euro 100 kampuni inaweza kukufungia laini, baada ya kukuonya kwa maandishi wiki mbili kabla, lakini kufungiwa laini nako si mwisho wa mkataba: ada ya mwezi inaendelea kuhesabiwa. Baadaye faili linaenda kwa wakusanya madeni, gharama zao zinaongezwa juu, na deni ambalo hukulipinga linaweza kuandikwa Schufa, kampuni inayotunza rekodi za madeni ya watu. Ukitafuta nyumba ya kupanga mwaka ujao, mwenye nyumba anaweza kuliona. Mkataba unakwisha kwa notisi tu, na notisi ni yako kuitoa.

Dhana: Ukipitwa na tarehe, umefungwa mwaka mwingine mzima.

Ilikuwa hivyo. Tangu tarehe 1 Desemba 2021 sheria ya mawasiliano ilibadilika. Kipindi cha kwanza bado kinaweza kuwa cha hadi miezi 24, na ndani yake umefungwa kweli. Kikishapita, mkataba unaendelea bila kikomo, ila unaweza kuukata siku yoyote kwa notisi ya mwezi mmoja. Mikataba iliyosainiwa kabla ya tarehe hiyo nayo imo. Kwa hiyo kabla ya kukata tamaa, tazama tarehe ya kuanza kwenye karatasi zako.

Dhana: Lazima barua yenye saini, au uwapigie simu.

Barua pepe inatosha. Tena tangu Julai 2022, kampuni inayouza mikataba mtandaoni lazima iweke kwenye tovuti yake kitufe cha kukatia, kwa kawaida chini kabisa ya ukurasa, kimeandikwa `Verträge hier kündigen` au maneno ya maana hiyo. Hakihitaji kuingia kwenye akaunti. Unajaza jina, namba ya mkataba na tarehe unayotaka uishe, kisha unabonyeza `Jetzt kündigen`. Kampuni lazima ikutumie mara moja uthibitisho wenye siku na saa notisi ilipopokewa na tarehe mkataba unapokwisha. Ihifadhi barua hiyo nje ya akaunti yao, maana akaunti ya mteja inaweza kufungwa pamoja na mkataba.

Kampuni nyingine hujibu kwamba notisi "imeandikwa", upige simu kuithibitisha. Huna wajibu wa kupiga. Simu hiyo huwa ni ya mauzo, na mtu anayebabaika kwa Kijerumani anaweza kuitoka akiwa na mkataba mpya wa miezi 24. Ijibu kampuni kwa barua pepe kwamba notisi ni halali na huhitaji ofa.

Dhana: Ukihama, mkataba unafutika.

Haufutiki. Kama kampuni inaweza kukupa huduma ileile unakohamia, mkataba unakufuata hadi muda wake uishe. Kama haiwezi, unapata haki ya kukata hata katikati ya kipindi cha kwanza, kwa notisi ya mwezi mmoja, na unaweza kuitoa mapema ili iishe siku ya kuhama. Anayerudi Mombasa au Arusha anaingia hapa moja kwa moja. Kuna jambo moja la kupanga vizuri: kampuni huomba cheti cha kujiondoa kwenye daftari la wakazi, lakini ofisi ya manispaa haikuondoi mapema kuliko wiki moja kabla ya kuondoka. Basi usingoje cheti. Toa notisi kwanza, na ueleze kwamba cheti kitafuata.

Dhana: Ruta ikishafika posta, mambo yamekwisha.

Kwanza soma bili: ikiwa kuna mstari wa kodi ya ruta kila mwezi, ruta ni yao. Ikiwa uliinunua, ni yako, usiirudishe. Ya kodi hurudishwa baada ya mkataba kuisha, mara nyingi ndani ya siku 14, lakini muda wenyewe umo kwenye masharti yako. Pamoja nayo weka waya wa umeme na vifaa vyote vilivyokuja nayo.

Kabla ya kufunga boksi, futa nywila na rekodi za simu zilizomo. Kwenye FRITZ!Box unaingia `fritz.box`, kisha `System`, `Sicherung`, `Werkseinstellungen`. Halafu piga picha namba ya kifaa, `Seriennummer`, iliyobandikwa chini, na picha nyingine ya boksi likiwa wazi na vitu vyake ndani. Tumia lebo ya kurudishia waliyokupa, maana ndiyo inayounganisha boksi na jina lako, na pale posta usiondoke bila risiti yenye namba ya kufuatilia.

Dhana: Bili ya mwisho ikija, ni kulipa tu.

Tuchukue mfano wa mama mmoja Dortmund ambaye miezi 24 yake imeshapita. Analipa euro 40.50 za intaneti na 6 za ruta, jumla 46.50 kwa mwezi. Notisi yake ilipokewa tarehe 18 Juni, mkataba ukaisha 18 Julai, na ruta akaituma tarehe 21. Bili ya mwisho inakuja na 46.50 za Julai nzima, pamoja na euro 120 za "ruta ambayo haikurudishwa". Jumla ni 166.50, na benki imeshakatwa.

Anachodaiwa kweli ni siku 18 kati ya 31. Mwezi mzima ni 46.50, yaani euro 1.50 kwa siku, hivyo ni euro 27. Ruta haidaiwi, kwa sababu risiti ya posta ipo.

Hatua yake ya kwanza ni kuipinga bili kwa maandishi. Sheria inampa angalau wiki nane tangu kuipokea. Anataja namba ya bili, anaeleza hesabu ya siku, na anaambatisha uthibitisho wa kukatwa mkataba, risiti na picha. Kisha anaiambia benki irudishe pesa iliyokatwa. Kwa makato aliyoyaruhusu ana wiki nane tangu siku ya kukatwa, wala haulizwi sababu. Siku hiyohiyo anatuma mwenyewe euro 27 akiandika namba ya bili. Hili watu wengi huliruka: wanarudisha zote 166.50 na kunyamaza, na sasa wana deni la kweli la 27 ambalo kampuni ina haki ya kulifuatilia. Deni lililopingwa kwa maandishi haliruhusiwi kupelekwa Schufa kama deni la kawaida.

Kampuni ikishikilia msimamo, mzozo unaweza kupelekwa kwa wasuluhishi wa Bundesnetzagentur, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, bila malipo, kwa fomu ya mtandaoni.

Anayeondoka nchini aache akaunti ya benki ya Ujerumani wazi mpaka bili hii iishe, na awape kampuni anwani na barua pepe itakayompata huko aendako. Barua ya madai iliyokwama kwenye sanduku la nyumba aliyohama inaweza kugeuka amri ya mahakama ya kulipa, na muda wa kuipinga amri hiyo ni wiki mbili tu.