Mada ya kuvuna maji ya mvua kwa mradi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi chuoni: dhana potofu na ukweli

Dhana: "Usanifu wa mfumo wa kuvuna maji ya mvua" tayari ni mada.

Hicho ni kichwa tu. Paa la bati, mifereji, bomba na tangi, fundi mzuri wa mtaani anavifunga bila shahada. Mhandisi anahitajika kwenye swali jingine: paa hili, kwa mvua ya hapa, litawatosha watu wangapi, kwa matumizi gani, na katika mwaka mkavu kutatokea nini? Mada ikishataja mahali, paa na matumizi, msimamizi ana kitu cha kukuuliza nawe una kitu cha kukokotoa.

Dhana: Maji yakipungua, dawa ni tangi kubwa zaidi.

Hili ndilo kosa linaloangusha miradi mingi, kwa hiyo tulipigie hesabu. Chukua nyumba ya Dodoma yenye paa la mita za mraba 60. Mvua ya mwaka ni karibu milimita 570, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Tuseme asilimia 80 ndiyo inafika tangini, nyingine inaruka, inavuja au inakauka juu ya bati. Unapata 60 × 570 × 0.8, yaani lita 27,360 kwa mwaka, au lita 75 kwa siku.

Familia ya watu sita ikitumia lita 20 kila mmoja inataka lita 120 kwa siku. Hapo hakuna tangi litakalosaidia, hata ungejenga la lita laki moja, kwa sababu paa halitoi maji hayo.

Sasa punguza lengo liwe maji ya kunywa na kupikia tu, lita 5 kwa mtu. Ni lita 30 kwa siku. Kuanzia Mei hadi Novemba ni siku 214, kwa hiyo unahitaji akiba ya lita 6,420, na tangi la lita 7,000 linaingia akilini. Mvua ikishuka hadi milimita 350, paa bado linatoa lita 16,800, zaidi ya lita 10,950 zinazohitajika mwaka mzima.

Lakini wastani huu ni mwanzo tu. Omba takwimu za mvua za kila siku kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha endesha tangi siku kwa siku kwenye jedwali la kompyuta: maji ya jana, jumlisha yaliyoingia, toa yaliyotumika, lisizidi ujazo wala lisishuke chini ya sifuri. Hesabu siku ambazo tangi lilikauka. Rudia kwa ukubwa tofauti wa tangi, na huo mchoro wa ukubwa dhidi ya siku kavu ndio kiini cha ripoti yako.

Kwa shule, hesabu ni kali zaidi. Paa la mita za mraba 500 linalohudumia wanafunzi 600 linatoa, kwa mvua hiyohiyo, lita 380 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Gawanya kwa siku 190 hivi za masomo, unabaki na lita 2. Ni maji ya kunywa. Ukiandika kwamba mradi utahudumia na vyoo vya kuvuta, hesabu yako mwenyewe itakukana.

Dhana: Gharama nafuu ni kununua vifaa rahisi.

Linganisha gharama kwa kila lita inayotumika kweli, pamoja na matengenezo. Tangi la ferosimenti, yaani mota juu ya wavu wa waya, linaweza kuwa nafuu, ila halisamehe uzembe wa kumwagilia maji linapokomaa. Chunguza hasa maungio ya ukuta na sakafu: ukuta unataka kutanuka kwa shinikizo la maji, sakafu inaushika, na ufa huanzia hapo.

Dhana: Ubora wa maji utapimwa wakati wowote.

Mwaka wa masomo huanza karibu Oktoba au Novemba, na utetezi wa mradi huwa Juni au Julai. Mvua ya kwanza Dodoma, ile inayosomba vumbi na vinyesi vya ndege vya miezi saba, hunyesha ukiwa bado unaandika pendekezo. Ukitaka kuchunguza ni maji kiasi gani yamwagwe kwanza (milimita moja kwenye paa letu ni karibu lita 60), chupa safi na nafasi ya maabara viwe tayari kabla ya Desemba. Sampuli za vimelea zikae kwenye barafu na zifike maabara siku hiyohiyo. Kama muda huo umekupita, chagua swali la ujazo wa tangi: takwimu za mvua zipo hata kiangazi.