Marupurupu ya kukaimu nchini Kenya: nani hulipwa, kiasi gani, na hudaiwaje

Marupurupu ya kukaimu ni pesa anazoongezewa mfanyakazi aliyeteuliwa kushika kwa muda cheo kilicho juu ya chake. Watanzania huziita posho ya kukaimu. Maelezo yaliyo hapa ni ya Kenya, na hasa utumishi wa umma, maana huko ndiko kanuni zimeandikwa wazi na ndiko madai yanakozaliwa kwa wingi.

Anayekaimu bado ni mtu wa cheo chake cha zamani. Mshahara wake wa msingi haubadiliki; anaongezewa tu kwa sababu ya kazi ya ziada. Ndiyo maana wengi hushtuka wanapoona hesabu. Wao hutarajia kulipwa tofauti kati ya mshahara wao na ule wa bosi aliyeondoka, ilhali mwongozo wa rasilimali watu wa Tume ya Utumishi wa Umma wa mwaka 2016 unatumia asilimia: 20 ya mshahara wa msingi wa anayekaimu mwenyewe.

Tumchukue afisa wa hesabu katika wizara fulani, mshahara wake wa msingi ukiwa Sh60,000. Mkuu wa kitengo anastaafu, na cheo hicho huanzia Sh90,000. Afisa wetu anapewa barua ya kukaimu. Kichwani anahesabu Sh30,000 zaidi kila mwezi, lakini kwa kanuni atapata Sh12,000, nazo zitakatwa kodi kama mapato mengine ya ajira. Miezi sita ikipita amepata jumla ya Sh72,000 kabla ya makato.

Hizo Sh12,000 zenyewe anazipata kwa sharti moja kubwa: awe na sifa zote za kushika cheo hicho, yaani vyeti, kiwango cha elimu na miaka ya utumishi inayotakiwa. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017, kifungu cha 34, hairuhusu mtu asiye na sifa hizo kuteuliwa kukaimu. Kwa vile kazi haiwezi kusimama, kuna njia ya pili. Mtu asiyetimiza sifa hupewa majukumu maalumu, na marupurupu yake ni asilimia 15. Kama afisa wetu hajapata cheti cha kitaaluma kinachodaiwa, atalipwa Sh9,000 kwa mwezi, hata akiandika ripoti zilezile na kuketi kwenye mikutano ileile. Madai mengi hukwama hapa: mtu anadai ya kukaimu, mwajiri anajibu kwamba alipewa majukumu maalumu tu, na barua inampa mwajiri haki. Isome barua yako neno kwa neno kabla ya kuanza hesabu.

Kifungu hicho cha 34 kinaweka pia mipaka ya muda: uteuzi wa kukaimu usiwe chini ya siku 30 wala usizidi miezi sita. Kumshikia bosi meza wiki mbili akiwa likizo hakuzai malipo haya. Nalo lengo la ule ukomo wa miezi sita ni kumlazimisha mwajiri atangaze nafasi na kuijaza kwa ushindani. Kiutendaji, nafasi nyingi hazitangazwi. Barua inaisha muda, hakuna anayesema lolote, na afisa anaendelea kutia sahihi hati za malipo mwaka mzima.

Je, miezi ya baada ya sita inalipwa? Mwongozo unasema marupurupu haya hayalipwi zaidi ya miezi sita, na mhasibu wa mishahara atakuonyesha mstari huo mara moja. Mahakamani majibu yamegawanyika. Wapo majaji walioshikilia kwamba kanuni ikifunga mlango hakuna cha kudai, na wapo waliosema mwajiri aliyeendelea kufaidi jasho la mtu hawezi kujificha nyuma ya kanuni aliyoivunja mwenyewe. Kwa maoni yangu hoja ya pili ina haki zaidi, lakini usikope pesa ukitegemea utashinda kwayo. Njia salama ni kuandika barua wiki chache kabla miezi sita haijaisha, ukiomba ama uteuzi uongezwe kwa maandishi, ama majukumu yarudishwe. Mwajiri akinyamaza huku akiendelea kukutuma kazi za cheo hicho, umepata ushahidi mzuri.

Kukaimu kwa muda mrefu, kwa upande mwingine, hakumpi mtu cheo chenyewe. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi imelirudia hilo mara nyingi: nafasi ya umma hujazwa kwa ushindani, na aliyekaimu huomba kama wengine. Ukichanganya dai la marupurupu na dai la kuthibitishwa, unaweza kulidhoofisha la kwanza, ambalo ndilo lenye nguvu.

Ugumu huanza pale ambapo barua haipo kabisa. Mkuu alisema tu koridoni, “shikilia hapo kwa sasa.” Kauli hiyo si uteuzi, kwa sababu uteuzi lazima utoke kwa mwenye mamlaka ya kuteua, na mkuu wa kitengo kwa kawaida si yeye. Mdai basi hutafuta nyaraka zinazoonyesha kwamba mwenye mamlaka alijua na akakubali: kumbukumbu za mikutano alikotajwa kama kaimu, hati za makabidhiano ya ofisi, barua za wizara zilizomwita kwa cheo hicho, idhini za malipo alizotoa katika IFMIS, mfumo wa kompyuta wa kusimamia fedha za serikali. Ushahidi wa wenzako kwamba ulikuwa unafanya kazi usiku na mchana hautoshi.

Katika kampuni binafsi hali ni nyingine. Sheria ya Ajira ya 2007 haitaji marupurupu ya kukaimu wala asilimia yoyote. Haki hiyo hutoka kwenye mkataba, kitabu cha sera za kampuni, au mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri. Kama hakuna hata kimoja kinachoyataja, hoja inayobaki ni ya kifungu cha 5, malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, nayo inahitaji ulinganisho halisi na mtu anayelipwa zaidi kwa kazi hiyohiyo.

Kudai kwenyewe huanza kwa barua kwa idara ya rasilimali watu, iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Barua ya afisa wetu ingetaja tarehe ya uteuzi, mshahara wake wa msingi, asilimia 20, miezi ambayo haikulipwa na jumla yake, huku nakala ya uteuzi na hati za mishahara zikiambatishwa. Mfanyakazi wa kaunti ana hatua ya ziada: uamuzi wa kaunti hukatiwa rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90, na akiiruka hatua hiyo, mahakama itamrudisha. Mahakimu waliopewa mamlaka husikiza kesi za wenye mshahara wa jumla usiozidi Sh80,000 kwa mwezi. Wanaozidi hapo huenda Mahakama ya Ajira.

Saa inayokimbia ya kufungua kesi ni ya miaka mitatu tangu haki ilipokiukwa, na kama ukiukaji ni wa kuendelea, miezi 12 tangu ulipokoma. Barua za kukumbushana na vikao vya mapatano haviisimamishi saa hiyo, wala mahakama haina uwezo wa kuongeza muda. Afisa aliyezungushwa miaka minne kwa ahadi kwamba “faili iko kwa mkubwa” hufika mahakamani na dai ambalo hakimu hawezi hata kulifungua.