Kujirekodi utangulizi ni nini?

Ni kuusema utangulizi kwa sauti huku simu ikirekodi, kuuangalia ulichukua muda gani, kuusikiliza, kisha kuyarekebisha maneno na kurekodi tena. Kusoma kimyakimya hakutoshi, kwa sababu jicho halihitaji kuvuta pumzi.

Tuchukue kijana anayetembeza watalii Lamu. Wageni wamesimama mbele ya Ngome, naye ana dakika moja kabla jua halijawachosha. Alianza hivi: "Wageni wetu wapenzi, kwa niaba yangu na ya wenzangu wote, ningependa kuchukua fursa hii adhimu kuwakaribisha katika mji wetu wa kihistoria…" Rekodi ilisoma dakika 1 na sekunde 40. Hapo ndipo saa inapokupotosha, maana wengi hukimbilia kuongeza kasi. Dawa ni kujua sekunde zilikwenda wapi. Aliposikiliza akiwa na karatasi, aliandika pembeni sekunde ambayo kila jambo lilitajwa. Jina lake lilikuja sekunde ya 25, na Ngome yenyewe sekunde ya 40. Hadi hapo wageni hawajaambiwa lolote la kuwafaa.

Kusikiliza mara ya kwanza huudhi: sauti ya kwenye simu si ile unayoijua, kwa kuwa ukisema unajisikia pia kupitia mifupa ya kichwa. Usihukumu sauti. Sikiliza mara ya pili, sasa ukitafuta mahali ulipokata pumzi katikati ya sentensi, "yaani" zilizozidi, na jina lililomezwa. Ukijikwaa pale pale kila rekodi, sentensi ndiyo mbovu, ivunje.

Alipokata mapambo akabaki na haya: "Karibuni Lamu. Naitwa fulani, nimezaliwa hapa, mtaa wa Langoni. Ngome hii ilijengwa kati ya 1813 na 1821, na ilikuwa gereza hadi 1984. Tutatembea saa moja na nusu. Vichochoro ni vyembamba, kwa hiyo mkisikia kwato nyuma yenu, mpisheni punda." Hayo hayafiki hata sekunde 40 kwa mwendo wa kawaida, na sekunde zinazobaki ni nafasi ya kutua baada ya jina na baada ya miaka, wageni wapate kushika.

Asikariri yote neno kwa neno, la sivyo itasikika kama kisomo cha darasani. Akariri sentensi ya kwanza na ya mwisho, za katikati azijue kwa mpangilio tu. Na arekodi angalau mara moja nje, akisema kwa nguvu ya kumfikia mtu wa nyuma, akiikinga simu na upepo usivume kwenye maikrofoni.

Kuna jambo rekodi haiwezi kumwonyesha: wasikilizaji. Akisema "Hamjambo", wageni watajibu, mmoja ataomba arudie jina, punda atapita. Hizo zote ni sekunde, ndiyo maana chumbani asilenge dakika nzima.