Saa tano za akiba, lakini upande usiofaa

Nimeisikia tena wiki jana hesabu ileile ya treni, nikajua nisipoandika nitamkemea mtoto wa watu bure. Msichana wa Kisauni, Mombasa, ameitwa mahojiano ya kazi Upper Hill, Nairobi, Alhamisi saa tatu asubuhi. Ananiambia kwa furaha: "Shangazi, nimekata tiketi ya treni ya saa nne usiku wa Jumatano. Inafika Syokimau kama saa tisa na nusu alfajiri. Nina saa tano na nusu za akiba!"

Hesabu ni sahihi. Mpango ndio mbovu.

Kwa ratiba ya sasa, kutoka Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, kuna treni ya saa mbili asubuhi, ya saa tisa alasiri na ya saa nne usiku. Basi. Sasa jiulize: ukiikosa ile ya saa nne usiku, inayofuata ni ipi? Ya saa mbili asubuhi, ambayo inaingia Nairobi mchana, wakati wenzako wameshahojiwa na kurudi makwao. Kwa hiyo dada yetu ana saa tano na nusu za akiba Nairobi, ambako hazihitaji zote, na Mombasa hana hata dakika moja. Mombasa ndiko kwenye hatari. Treni yenyewe mara nyingi huondoka kwa wakati. Anayechelewa ni wewe, umekwama daraja la Nyali au Changamwe nyuma ya malori, na matatu imezima injini.

Hapo ndipo watu hunikasirisha. Wanadhani kuchelewa dakika kumi ni kuchelewa dakika kumi. Kwa matatu, ndiyo, utapanda inayofuata. Kwa treni, dakika kumi zinageuka kuwa saa kumi, maana unasubiri hadi treni nyingine. Na Miritini huingii mbio ukaruka behewani. Mizigo inapangwa chini mbwa wainuse, kisha mashine ya ukaguzi, kitambulisho kilingane na jina la tiketi, na milango inafungwa kabla treni haijaondoka. Mimi huhesabu saa nzima na nusu kwa shughuli hiyo, na saa mbili kutoka Kisauni, ijapokuwa siku njema safari hiyo haifiki hata saa moja.

Nikamwambia abadilishe, apande ya saa tisa alasiri Jumatano. Akashangaa: "Lakini hiyo inanifikisha saa mbili usiku, nitalala wapi?" Swali zuri, nitalirudia. Kwanza aone faida yake: akiikosa ya saa tisa, nyuma yake iko ya saa nne usiku. Huo mpango wake wa kwanza, ambao ulikuwa tegemeo lake lote, sasa unakuwa mlango wa nyuma. Mimi akiba naipima hivyo: nikikosa treni hii, bado ipo nyingine itakayonifikisha? Kama haipo, nimepanda ya mwisho, hata kama saa yangu inaonyesha nimewahi.

Nakiri mlango huo wa nyuma una kitasa kibovu. Mwisho wa mwezi na shule zinapofungwa au kufunguliwa, nafasi za usiku hujaa, na utanunua tiketi ya pili. Basi la usiku lipo, ila barabara ile siiwekei dhamana.

Sasa kulala. Viti vya daraja la kawaida havilali nyuma, na unatazamana na mgeni magoti kwa magoti. Ukishuka saa tisa na nusu usiku, umesinzia vipande vipande, na baridi ya Syokimau inakupokea na kishati chako cha Pwani. (Beba sweta. Nisirudie.) Nimeketi upande wa wanaohoji. Aliyekesha tunamjua: anaomba swali lirudiwe, kisha anajibu jingine. Aliye na jamaa Embakasi au Pipeline, alale huko. Asiye na jamaa wala pesa ya chumba, hapo sina jibu safi. Huwa nawaambia wapande ya usiku, lakini wafike Miritini saa kumi na mbili jioni na kusubiri hapo, kuchosha kulivyo.

Asubuhi yenyewe ni fupi. Uwe Upper Hill saa mbili na robo, lakini usiingie mapokezi. Tafuta kibanda cha chai, jasho likauke, vyeti uvipange. Ingia dakika ishirini kabla. Kwa nini ishirini? Sijui, pengine kumi zatosha. Nimeona tu kwamba wanaokaa mapokezi saa nzima huanza kuwahesabu wenzao na kusoma nyuso zao.

Dada amebadilisha tiketi. Sasa anauliza kama apande hata ile ya saa mbili asubuhi, ili awe salama zaidi. Nimemwambia hapana, akapike kwanza.