Kwa nini "mpaka" ukinong'onwa husikika "paka"?

"Mtoto akilala tunanong'onezana. Mke wangu akisema 'mpaka' nasikia 'paka', ilhali maneno mengine nayapata vizuri. Kwa nini?" Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu hapa Busia.

Weka vidole viwili kooni, funga midomo, uvume "mmm". Unachohisi ni nyuzi za sauti zikitetema, kwa mwanamume yapata mara 120 kwa sekunde. Sasa nong'ona "mmm" hiyo hiyo. Koo limetulia, na kinachobaki ni pumzi ya puani. Nong'ona "nnn" nayo: pumzi ni ile ile, karibu huwezi kuzitofautisha.

Irabu huponea wapi? Ukijaza jerikeni bombani, maji yanapiga kelele tu, lakini bila kuchungulia unajua linakaribia kujaa, maana nafasi ya hewa ikipungua mlio hupanda. Chombo ndicho kinachoipa kelele umbo. Kinywa nacho ni chombo: kipanue kwa "a", kibane kwa "i", na pumzi inayosugua kooni hupata mlio tofauti hata bila mtetemo. Mlio wenyewe hubadilika kidogo. Tunaponong'ona, koo huachwa wazi, bomba la hewa la chini linaungana na kinywa, na mwangwi wa chini kabisa wa irabu, yaani mlio wa chini zaidi kati ya ile inayokuzwa na chombo hicho, hupanda. Lakini irabu zetu ni tano tu, zimeachana mbali, kwa hiyo hazigongani sana.

Nazali, yaani sauti za puani kama "m" na "n", hazina bahati hiyo. Mdomo umezibwa, sauti inapita puani, na nguvu yake nyingi iko chini, karibu na hezi 300. Hapo ndipo mnong'ono ulipo dhaifu, kisha kuta laini za pua zinameza hata kile kidogo kilichopo.

Mbona basi "kama" na "kana" husikika? Kwa sababu ya majirani. Midomo inapokwenda kufunga kwa "m", mwangwi wa pili wa "a", ule unaofuata juu ya wa chini kabisa, hushuka. Ulimi ukipanda kwa "n", mwangwi huo hupanda. Sikio linaitambua nazali kwa alama iliyoiacha kwenye irabu, kabla na baada yake.

"Mpaka" ukisemwa peke yake hauna irabu kabla ya "m", na baada yake inakuja "p", ambayo nayo hufungwa kwa midomo. Midomo ikifunguka, "a" inaanza vile vile kama katika "paka". Alama yote ya "m" ilikuwa ule mvumo, nao umezimwa. Ndiyo maana gizani mume huyu anasikia paka. Taa ikiwaka ataona midomo ikikaa imefungwa muda mrefu zaidi.

Nilimwomba mkewe anong'one "kwenye mpaka", bila kutua katikati. Mume aliupata mara ya kwanza: "e" ilikuwa imeshaanza kuinama kuelekea midomoni.