Maana ya 12/50 Chini ya Picha

Je, namba kama 12/50 iliyoandikwa kwa penseli chini ya chapa, yaani picha ya sanaa iliyochapwa kutokana na ubao au bamba, ina maana gani, na kwa nini muuzaji makini huitaja pamoja na karatasi, fremu na ufungashaji?

Namba ya kulia ni jumla ya nakala ambazo msanii ameamua kuzichapa kutokana na ubao au bamba moja, na ya kushoto huitambulisha nakala hiyo. Wengi hudhani kwamba 1/50 ni bora kuliko 40/50, lakini mara nyingi namba huandikwa baada ya wino kukauka, bila kufuata mpangilio wa uchapaji. Mfuatano huwa na uzito katika chapa ya bamba la shaba lililokwaruzwa kwa sindano, kwa kuwa kingo za mikwaruzo hiyo husagika kila bamba linapokandamizwa, na mistari hufifia. Zaidi ya hizo 50 huweza kuwapo nakala za msanii, zenye alama A/P, nazo pia zitajwe, kwani anayelipia uchache wa picha anastahili kujua idadi kamili.

Tuchukue chapa ya mbao inayouzwa. Maelezo yanayotosha yangesomeka hivi: «Nakala 12/50, na nakala 5 za msanii, saini kwa penseli, karatasi ya pamba tupu isiyo na asidi, gramu 300 kwa mita ya mraba, picha sm 40 × 60, karatasi sm 50 × 70, haina fremu.»

Vipimo ni viwili kwa sababu nzito. Anayeagiza fremu kwa kipimo cha picha pekee hujikuta akitamani kupunguza pambizo, mahali penye saini na namba, na chapa iliyokatwa pambizo hupoteza thamani. Uzito wa karatasi nao hautoshi peke yake: karatasi nene ya massa ya mbao yasiyosafishwa hugeuka njano na kuwa dhaifu, ilhali ya pamba isiyo na asidi hudumu muda mrefu zaidi. Kama fremu ipo, isemwe iwapo kuna kadibodi isiyo na asidi inayotenganisha picha na kioo, maana unyevu ukinaswa kati yao, wino waweza kugandamana na kioo.

Chapa isiyo na fremu hufunikwa kwa karatasi laini isiyo na asidi, kisha huviringishwa bila kukazwa ndani ya bomba gumu lenye kipenyo cha sm 10 au zaidi, refu kuliko karatasi yenyewe ili ncha zisipondeke. Wino ukiwa mzito, isiviringishwe, kwa kuwa waweza kupasuka. Isafirishwe bapa kati ya mbao mbili nyembamba. Yenye kioo hubandikwa utepe juu ya kioo, ili kikivunjika vipande visiikwaruze picha.