Je, wajua kwa nini mradi wenye IRR kubwa unaweza kushindwa na wenye IRR ndogo?

*Mradi A una IRR, yaani kiwango cha ndani cha faida, ya asilimia 20.2, mradi B asilimia 17.1 tu. Kwa nini majibu ya mtihani yanasema kampuni ichukue B?*

Kwa sababu asilimia hizo mbili hazihesabiwi juu ya kiasi kimoja cha fedha. Ile ya 20.2 inahesabiwa juu ya mtaji unaopungua upesi, na ile ya 17.1 juu ya mtaji unaobaki kazini karibu miaka yote mitatu. Tuweke tarakimu mezani, maana bila tarakimu jambo hili hubaki maneno matupu.

Kila mradi unahitaji milioni 100 leo. A unarudisha milioni 80 mwishoni mwa mwaka wa kwanza, 40 mwaka wa pili na 10 mwaka wa tatu. B una mwendo wa kinyume: 10, kisha 40, kisha 100. Kampuni inaweza kuchukua mmoja tu, kwa mfano kwa kuwa yote miwili inahitaji kiwanja kilekile. Gharama ya mtaji ni asilimia 10 kwa mwaka, yaani wenye fedha zao wangeweza kupata asilimia 10 kwingineko penye hatari ya namna hiyohiyo.

Hapo ndipo thamani ya fedha kwa wakati inapoingia. Anayeweza kupata asilimia 10 ataona milioni 110 za mwakani ni sawa na milioni 100 za leo, hivyo fedha ya mwakani tunaigawa kwa 1.10 kuirudisha leo. Ya mwaka wa pili tunaigawa kwa 1.10 mara mbili, ya mwaka wa tatu mara tatu. Tukishajumlisha na kutoa kile tulichowekeza, tunabaki na thamani halisi ya sasa, ile inayoandikwa NPV:

```
NPV(A) = -100 + 80/1.10 + 40/1.10^2 + 10/1.10^3  = 13.30
NPV(B) = -100 + 10/1.10 + 40/1.10^2 + 100/1.10^3 = 17.28
```

Maana yake ni kwamba kampuni ikichukua B, wenye mali wanatajirika kwa milioni 17.28 za leo, baada ya kwisha kulipwa ile asilimia 10 yao. Wakichukua A, wanatajirika kwa milioni 13.30. Tofauti ni karibu milioni 4, na hiyo ni fedha.

Sasa IRR yenyewe. Vitabu vinasema ni kiwango cha punguzo, yaani asilimia tunayotumia kuirudisha fedha ya mbele leo, kinachoifanya NPV iwe sifuri. Ni kweli, lakini mwanafunzi anayekariri sentensi hiyo haoni kitu ndani yake. Mimi niliiona maana yake siku nilipouandika mradi kama daftari la mkopo: chukulia kwamba mradi umekopa milioni 100 kutoka kwako, unalimbikiza riba ya asilimia 20.2 kila mwaka, na kila fedha inayorudi inapunguza deni.

Daftari la A linakwenda hivi. Mwaka wa kwanza deni la 100 linazaa riba 20.2, linafika 120.2. Unalipwa 80, linabaki 40.2. Mwaka wa pili hiyo 40.2 inazaa kama 8.1, deni linafika 48.3, unalipwa 40, linabaki 8.3. Mwaka wa tatu 8.3 inazaa 1.7, inakuwa 10, unalipwa 10, daftari linafungwa. Deni limeisha bila kubaki hata senti, na ndiyo sababu 20.2 ni IRR yake.

Daftari la B kwa asilimia 17.1 ni jingine kabisa. Deni la 100 linakuwa 117.1, unalipwa 10, linabaki 107.1, yaani limezidi hata la mwanzo. Mwaka wa pili linafika 125.4, unalipwa 40, linabaki 85.4. Mwaka wa tatu hiyo 85.4 inakuwa 100, unalipwa, kwisha.

Tazama yale masalio. A analipa asilimia 20.2 juu ya 100, halafu juu ya 40.2, halafu juu ya 8.3. B analipa asilimia 17.1 juu ya 100, 107.1 na 85.4. Ukijumlisha riba za daftari la A unapata 30, za B unapata 50. Kasi ya A ni kubwa zaidi, ila kuanzia mwaka wa pili inabeba mzigo mdogo. IRR inakuambia kasi na inanyamaza kuhusu mzigo.

Mtu atauliza: je, zile milioni 80 nilizopewa mapema na A, si nitazizungusha? Utazizungusha, lakini kwa kiwango gani? Mradi A wenyewe umekwisha kuzirudisha, hauzihitaji tena. Kule nje zitapata asilimia 10. Zikikaa miaka miwili kwa asilimia 10 zinakuwa 96.8, zile 40 zinakuwa 44, ongeza 10 za mwisho: mwisho wa mwaka wa tatu una milioni 150.8. Kwa B, 10 inakuwa 12.1, 40 inakuwa 44, ongeza 100: una 156.1. Ili A imfikishe mtu kwenye ukuaji wa asilimia 20.2 kwa mwaka kwa miaka yote mitatu, zile 80 zingepaswa kupata mahali pengine panapolipa asilimia 20.2, na mahali hapo hapajatajwa popote kwenye swali. Kwa tarakimu tulizo nazo, 100 kuwa 150.8 ni ukuaji wa asilimia 14.7 kwa mwaka, na 100 kuwa 156.1 ni asilimia 16.0. Hiyo ndiyo IRR iliyorekebishwa, na mpangilio umegeuka: B mbele.

Watahiniwa wengi huishia kuandika kwamba "NPV ni bora kuliko IRR" na kuhama swali. Alama zilizobaki ziko kwenye hatua inayofuata, nayo ni fupi. Toa mtiririko wa A kwenye ule wa B, mwaka kwa mwaka. Leo hakuna tofauti. Mwaka wa kwanza B inakunyima 70. Mwaka wa pili sifuri. Mwaka wa tatu B inakupa 90 zaidi. Kwa hiyo kuchagua B badala ya A ni sawa na kutoa 70 mwishoni mwa mwaka wa kwanza ili upate 90 miaka miwili baadaye. Kiwango chake ni kipeuo cha pili cha 90/70, kutoa moja: asilimia 13.39. Kwa kuwa inazidi 10, nyongeza hiyo inalipa, basi B. Kumbe IRR ikihesabiwa juu ya tofauti inakubaliana na NPV bila ugomvi. Irving Fisher, mchumi Mmarekani, katika kitabu chake cha mwaka 1930 alizilinganisha njia za kuwekeza kwa kupima tofauti zake namna hii hii, ndiyo maana kiwango hicho huitwa makutano ya Fisher.

Kinaitwa makutano kwa sababu ukichora NPV ya kila mradi dhidi ya kiwango cha punguzo, mistari miwili inakatana hapo. Kwa punguzo la sifuri, B iko juu: 50 dhidi ya 30. Lakini fedha nyingi za B ziko mbali, hivyo punguzo likipanda mstari wake unaporomoka kwa kasi zaidi. Kwenye 13.39 inalingana na A. Kwenye asilimia 15 A ina 6.39 na B ina 4.69, na hapo NPV na IRR zote zinasema A. Kwa hiyo mgogoro upo tu pale gharama ya mtaji iko chini ya makutano. Na kama miradi haizuiani na mtaji unatosha, hakuna mgogoro hata kidogo: yote miwili ina NPV chanya, chukua yote.

Tahadhari moja ya hesabu. Kwenye mtihani wa karatasi, IRR hupatikana kwa kujaribu viwango viwili na kukisia katikati kwa mstari ulionyooka. Mstari wa NPV haujanyooka, umebonyea kuelekea chini, kwa hiyo makisio yanatoka juu kidogo ya ukweli. Ukijaribu A kwa asilimia 10 na 25 (NPV ya 25 ni -5.28), unapata 20.7 badala ya 20.2. Kadiri viwango viwili vinavyokaribiana ndivyo kosa linavyopungua. Anayetumia Excel ana mtego wake: fomula ya `NPV` inahesabu kuwa fedha ya kwanza inatokea mwishoni mwa mwaka wa kwanza, hivyo mtaji wa leo, ulioandikwa -100 kwenye seli B1, lazima ukae nje ya mabano.

```
=NPV(10%,B2:B4)+B1
```

Ukiuingiza ndani, jibu la B linatoka 15.71, ambalo ni 17.28 iliyogawiwa kwa 1.10 mara moja zaidi ya inavyotakiwa. Ukikutana na jibu lililopungua kwa uwiano huo, umeshajua kosa liko wapi.

Kuna hali nyingine ambapo IRR haifai hata kwa mradi mmoja uliosimama peke yake: pale fedha inapobadilisha ishara zaidi ya mara moja, kama mgodi unaodai gharama za kufukia mashimo mwishoni. Chukua mradi unaotoa 100 leo, unaingiza 230 mwakani, kisha unatoa 132 mwaka wa pili. Jaribu asilimia 10: NPV sifuri. Jaribu asilimia 20: sifuri tena. Kikokotoo kitakuonyesha mojawapo na kukaa kimya kuhusu nyingine, kutegemea kilipoanzia kutafuta. Kati ya viwango hivyo viwili mradi una NPV chanya kidogo, nje yake ni hasi, hata ukipunguza kwa sifuri unapoteza 2. Kanuni ya "kubali kama IRR inazidi gharama ya mtaji" hapa inakudanganya waziwazi: gharama ya mtaji ikiwa asilimia 5, IRR zote mbili zinaizidi, na mradi ni hasara. Kwa hiyo kabla ya kugusa kikokotoo, hesabu mara ngapi ishara imebadilika kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Ikiwa ni zaidi ya moja, weka IRR kando na ujibu kwa NPV.